Kutafsiri orodha za bidhaa kwenda Kijapani: vihesabio, na namna ya kujua "moja" ni nini

Orodha yangu ya kwanza ya mzigo wa kwenda Japani ilianza na mstari mfupi tu: KANGA 40 PCS. Nikaandika カンガ 40枚. Kanga ni kitambaa, kitambaa ni kitu bapa, na vitu bapa Kijapani vinahesabiwa kwa 枚 (mai), kila kitabu cha kujifunzia kinasema hivyo, kwa hiyo sikuwaza mara mbili nikaenda mstari unaofuata. Mzigo ulipofika mpokeaji akafungua katoni akakuta vitambaa 40 virefu, kila kimoja kina kanga mbili zimeungana hazijakatwa, akakata kimoja kwa majaribio akapata viwili, alafu akaandika kuuliza: nimetumiwa 40 au 80? Na bei iliyo kwenye ankara ni ya kipande au ya hizo mbili?

Sisi tunajua jibu, kanga inauzwa kwa doti. Lakini aliyeandaa orodha aliandika PCS, mimi nikaandika mai, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema doti. Kihesabio kilikuwa sahihi kwa sarufi na hesabu ikawa mbovu. Ndo maana mwongozo huu hauanzi na jedwali la "vitu virefu hivi, vitu bapa vile", jedwali lipo kila mahali. Tunaanza na swali la mtu wa stoo: nikisema moja, nashika nini mkononi?

Kwanza kabisa: vihesabio ni kitu gani

Kijapani hakisemi "vijiko vitatu" kwa kuweka namba peke yake. Namba lazima ibebe mkia unaoonyesha aina ya kitu, na huo mkia unaitwa josushi (助数詞). Mtu wa Kiswahili hapa ana nafuu kuliko anavyodhani, maana tumezoea namba inayobadilika kufuata kitu: vikapu viwili, miti miwili, watoto wawili. Tofauti ni kwamba sisi tunafuata ngeli ya neno, wao wanafuata umbo la kitu au jinsi kinavyouzwa. Na tena maneno ya namna hiyo tunayo, tunasema mche wa sabuni, jora la kitambaa, chane ya ndizi, jozi ya viatu, doti ya kanga. Chukulia kila kitu duniani kinahesabiwa kwa mtindo wa jozi na doti, hapo umeshakielewa Kijapani nusu.

Hatua ya 1: fungua kila PCS na kila SET kabla hujatafsiri neno lolote

Chukua orodha, usiguse Kijapani bado. Pita mstari kwa mstari ukiangalia safu ya kipimo tu. Kila penye PCS, SET, PAIR, LOT, dazeni au korija, uliza mambo mawili: moja ya hiki ni vitu vingapi, na bei ni ya kipi. Muulize mteja kwa ujumbe mmoja, usimuulize mara kumi. Mimi huwa natuma picha ya orodha na maswali yenye namba, namna hii: "Mstari wa 1, kanga 40 ni doti 40 au vipande 40? Zimekatwa au bado? Mstari wa 4, vijiko vya saladi 25, ni vijiko 25 au jozi 25?" Anajibu kwa simu ndani ya dakika tano.

Korija iangalie sana. Korija ni 20, hilo halina ubishi, ila kwenye kanga mtu mmoja anaweza kumaanisha doti 20 na mwingine vipande 20, na tofauti hapo ni mara mbili ya mzigo. Usiitafsiri, ivunje iwe namba. Dazeni ina neno lake Kijapani, ダース (daasu), linaeleweka vizuri, lakini kwenye orodha ya mzigo hata hilo nalivunja kuwa 12 isipokuwa kama bidhaa inauzwa kwa dazeni iliyofungwa.

Hatua ya 2: chagua kihesabio kwa umbo, alafu kihakikishe kwa wauzaji

Kwa orodha nyingi za bidhaa utajikuta unatumia vihesabio vichache mno. 個 (ko) ni kwa vitu vyenye ujazo visivyo na umbo la pekee, kama vikapu, mabakuli, mabegi, nati. 本 (hon) ni kwa vitu virefu vyembamba, kama vijiko, nyaya, boluti, mishumaa. 枚 (mai) ni kwa vitu bapa, kama sahani, vitambaa, fulana, vioo. 台 (dai) ni mashine na magari. 足 (soku) ni viatu na soksi. 脚 (kyaku) ni viti, stuli na meza. 袋 (fukuro) ni mfuko na 箱 (hako) ni boksi. 組 (kumi) ni seti ya vitu vinavyokwenda pamoja. Ukizijua hizi vizuri unaweza kufanya kazi.

Mahali watu wanapojikwaa ni pale umbo linapodanganya. Tairi la gari ni mviringo, mtu anaweka ko, kumbe kwenye biashara ya Japani tairi ni hon, matairi manne ni タイヤ4本. Suruali pia wauzaji wa nguo wanaihesabu kwa hon, fulana na shati ni mai, suti na koti ni 着 (chaku). Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa vifaa vya kufungia: boluti, nati na washa viko kwenye kifuko kimoja, vya chuma vyote, vinafanya kazi moja, lakini Kijapani ni ボルト4本、ナット4個、ワッシャー4枚. Kirefu, chenye ujazo, bapa. Ukiwaelewa hawa watatu umeelewa mantiki yote.

Alafu kuna twiga wa mbao. Wanyama wakubwa wanahesabiwa kwa 頭 (too), na nimewahi kuona orodha ya vinyago imeandikwa twiga 18頭. Hiyo inamwambia msomaji kwamba kuna twiga 18 hai wanashuka kwenye meli. Kinyago kinahesabiwa kama kitu: 体 (tai) kwa sanamu ya mtu au mnyama, au 点 (ten) kama ni kazi ya sanaa, na hata ko kwa vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo. Kihesabio cha mnyama ni cha mnyama mwenyewe anayepumua.

Ukiwa na shaka fanya hivi: tafuta mtandaoni jina la bidhaa kwa Kijapani pamoja na namba na kihesabio, ndani ya alama za kunukuu, mfano "スツール 2脚", alafu ujaribu na "スツール 2個". Usihesabu majibu ni mangapi, fungua kurasa mbili tatu za watengenezaji na wauzaji wa jumla uone wao wameandikaje. Na kama mteja wa Japani ana orodha yake ya zamani, hiyo ndo bosi wako, hata kama wewe ungechagua kingine. Stoo yake imezoea neno lake, mfumo wake unalitambua, usimbadilishie.

Hatua ya 3: tenganisha seti ya vitatu na seti tatu

Hapa ndo penye hasara za kweli kwa hiyo twende taratibu. Angalia maandishi haya mawili:

```
皿 3枚組
皿 3組
```

La kwanza linasema seti moja yenye sahani tatu. La pili linasema seti tatu, bila kusema kila seti ina sahani ngapi. Tofauti ni hiyo 枚 moja tu katikati. Kama una seti tatu za sahani tatu tatu, andika 3枚組×3, au weka 3 kwenye safu ya idadi na 組 kwenye safu ya kipimo, na kwenye maelezo uandike 3枚1組, yaani mai tatu zinafanya seti moja. Mtindo huu wa "2本1組", "2枚1組" ndo dawa ya doti. Kanga zangu zingeandikwa hivi tangu mwanzo: idadi 40, kipimo 組, maelezo 2枚1組、2枚続き、未裁断. Hizo mbili za mwisho zinasema vipande viwili vimeungana na havijakatwa. Mpokeaji akisoma hivyo anajua atakuta vitambaa 40 vya kushika mkononi, vitakavyompa kanga 80, na bei ni ya doti.

Viatu vyenyewe usivifanyie hivi. 足 tayari ni jozi. Sandali jozi 30 ni 30足, basi, ukiongeza maelezo ya "2個1組" unamchanganya mtu aliyekuwa ameelewa.

Neno lingine la kuliweka karibu ni 各 (kaku), maana yake "kila". Orodha zetu huwa zinaandika "nyekundu na bluu, 10". Kumi kila rangi au kumi kwa jumla? Ukishamuuliza mteja andika 赤・青 各10枚 kama ni kumi kila rangi, yaani jumla 20, au 赤・青 計10枚 kama jumla ni kumi. Usiache bila mojawapo.

Na 一式 (isshiki), "vyote kwa pamoja", ni tamu kwa sababu inaokoa muda, unaandika 取付金具一式 na vifaa vyote vya kufungia vimeingia humo. Kwenye nukuu ya bei inakubalika. Kwenye orodha ya mzigo usiitumie peke yake, maana mtu anayekagua hana cha kuhesabia, nati ikikosekana moja hakuna atakayejua ilitakiwa kuwepo. Fungua orodha ya ndani yake.

Hatua ya 4: vifungashio, na neno 入り

Bidhaa zinasafiri ndani ya bidhaa: kahawa kwenye mfuko, mifuko kwenye katoni. Kijapani kinatumia 入り (iri), "yenye ndani yake". Katoni yenye mifuko 24 ni 24袋入り. Katoni nne za hivyo ni 24袋入×4箱, na idadi ya ndani kwa katoni moja inaitwa 入数 (irisuu), mara nyingi ina safu yake kabisa kwenye orodha za wauzaji wa jumla.

Shida inakuja orodha ya asili ikiandika "4 x 24". Nne ya nini? Kuna wanaoanza na katoni na kuna wanaoanza na mifuko, jibu la kuzidisha ni lilelile 96 kwa hiyo kosa halionekani kwenye jumla, linaonekana stoo pale wanapotafuta katoni 24 na kukuta nne. Kila namba ipate kihesabio chake, usiache namba uchi kwenye kuzidisha.

Pia mfuko wa gramu 200 na gunia la kilo 60 vyote ni 袋. Kwa hiyo uzito lazima uwepo: コーヒー豆 200g 96袋. Na kwa vitambaa, jora linaweza kuandikwa 反 (tan), lakini tan ya kitambaa cha kimono ni kama mita 12 na jora la kiwandani linaweza kuwa mita 50, neno lilelile. Andika urefu kila mara. Kitenge cha yadi 6 kibadilishe kiwe mita: 6 × 0.9144 ni 5.4864, andika 約5.5m. Japani ina sheria ya vipimo, 計量法, inayotaka biashara ifanyike kwa mfumo wa mita, na hata bila sheria msomaji wa kule hana yadi kichwani.

Mwisho wa vifungashio ni mizigo yenyewe. Vifurushi vinavyosafirishwa vinahesabiwa kwa 個口 (koguchi), siyo 個. 全9個口 maana yake mzigo mzima una vifurushi tisa. Ukiandika 9個 mtu anaweza kudhani ni bidhaa tisa.

Hatua ya 5: weka namba mahali pake kwenye Ekseli

Kwenye jedwali namba ikae safu moja, kihesabio safu nyingine. Ukiandika 120本 kwenye seli moja, kwa Ekseli hayo ni maandishi na jumla haitajumlishwa. Kama mteja anataka vionekane pamoja, acha 120 iwe namba na uipe fomati hii:

```
#,##0"本"
```

Seli itaonyesha 120本 na hesabu itaendelea kufanya kazi. Lakini kama faili litahifadhiwa kuwa CSV ili liingie kwenye mfumo wa mteja, Ekseli itahifadhi kile kinachoonekana, yaani 120本 yote, na mfumo utaikataa. Kwa CSV safu mbili ni lazima.

Na angalia namba zenyewe. Kibodi ya Kijapani inaweza kuandika namba pana kama １２０ badala ya 120. Kwa macho zinafanana karibu, kwa kompyuta siyo. Dalili ni namba kukaa upande wa kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia. Tumia namba nyembamba faili zima, isipokuwa maneno yaliyozoeleka kwa kanji kama 一式.

Orodha yote ikikamilika

Hii ndo ile orodha yangu jinsi ninavyoiandika sasa, baada ya mteja kujibu maswali:

```
品名            数量  単位  備考
カンガ            40  組   2枚1組、2枚続き、未裁断
革サンダル        30  足
木製スプーン     120  本
サラダサーバー    25  組   2本1組
スツール          12  脚
キリンの木彫り    18  体
コーヒー豆 200g   96  袋   24袋入×4箱
合計 7品目 341点
```

Angalia mstari wa mwisho. Huwezi kujumlisha 組 na 足 na 脚 kwa kihesabio kimoja cha umbo, kwa hiyo Kijapani kinatumia 点 (ten) kwa jumla ya vitu mchanganyiko, na 品目 (hinmoku) kwa idadi ya aina. Aina saba, vitu 341. Hapa doti moja imehesabiwa kama ten moja kwa sababu ndo kipimo cha kuuzia, na ndo sababu nyingine ya kuwa na yale maelezo pembeni.

Maelezo ya bidhaa yana mitego yake

Kwenye karatasi ya sifa za bidhaa hakuna safu, kuna sentensi fupi. Mpangilio ni jina, namba, kihesabio, bila の katikati: 充電ケーブル1本. Ukiandika 1本の充電ケーブル siyo kosa la sarufi, lakini inasomeka kama hadithi na kwenye orodha ya vilivyomo haikai vizuri.

Mtego mkubwa ni betri. Tuseme taa ndogo inatumia betri mbili za AA. Kijapani AA inaitwa 単3形 (tan-san-gata), kwa hiyo unaandika 単3形乾電池2本. Hiyo 3 ni saizi, siyo idadi. AAA ni 単4形, C ni 単2形, D ni 単1形. Nimeona tafsiri iliyoandika 単2形 kwa sababu mtu aliona "AA × 2" akaipeleka ile 2 kwenye saizi, na mnunuzi anaenda kununua betri nene zisizoingia kwenye taa. Betri ya kitufe, ile bapa ndogo kama sarafu, yenyewe ni 個. Na kama betri hazimo kwenye boksi ongeza 別売, zinauzwa kivyake.

Namba nyingine za sifa zina mikia yao: rafu yenye ngazi tatu ni 3段 (dan), jiko la mafiga mawili ni 2口 (kuchi). Ukikuta mtengenezaji wa Japani ana bidhaa kama yako, soma karatasi yake ya sifa kabla hujaandika yako.

Kabla hujatuma

Pita mara ya mwisho ukifunika safu ya majina, usome namba na kihesabio tu, na kwa kila mstari ujiulize mtu wa stoo atashika nini mkononi. Alafu zidisha kila × ulinganishe na safu ya idadi. Kama kuna uwezekano wa kuthibitisha kwa simu, soma kwa sauti kwanza, maana matamshi yanabadilika: hon moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon, na soku tatu ni sanzoku.